Barabara Moja, Hesabu Nne

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Vigae 36 vya kadibodi, kila kimoja kimechorwa vipande vya barabara. Ukiokota kigae, unakiunga kwenye mji wa soko ambao wote mnaujenga, barabara ikutane na barabara, ukuta na ukuta. Ukipenda, unaweka kibanda chako juu yake. Mwisho wa mchezo, barabara yenye kibanda chako inakupa pointi moja kwa kila kigae inachopitia.

Nikawakalisha shangazi, mjomba na binamu mezani tuujaribu.

Sasa, katika vile vigae 36, vya njia panda yenye midomo minne vilikuwa 16, kwa sababu vinapendeza kuchora. Njia panda haiachi barabara mbili zipite kila moja kivyake, inaziunganisha. Kabla hata mji haujafika nusu, kila kichochoro kilikuwa kimeungana na kila kichochoro. Mji mzima barabara moja, na sote wanne tuna vibanda juu yake.

Yaani sare, pointi 36 kila mtu. Lakini shangazi hakuwa tayari kusikia habari za sare. Akaanza kuhesabu kwa kidole kutoka kwenye kibanda chake, akapita njia panda, akazunguka kona, akarudi njia panda ileile kwa mdomo mwingine, akaihesabu tena.

"Arobaini na tisa, hamsini, hamsini na moja..."

"Shangazi, vigae vyote ni 36."

"Usinikatize, nitapoteza hesabu. Hamsini na mbili."

Mjomba naye akaanzia upande wake, akapata 47. Binamu akapata 58, akaomba arudie kwa sababu kuna uchochoro ameuruka. Barabara ni ileile! Mjomba akatoa hoja kwamba kwake kuna mteremko.

Nikaleta maharage. Kila kigae punje moja, ukikuta punje usihesabu. Hiyo ikamaliza ubishi wa kuzunguka, ila sare ilibaki palepale, maana ugonjwa ulikuwa kwenye vigae vyenyewe. Usiku huo nikapunguza njia panda kutoka 16 hadi 4. Nafasi zilizobaki nikazijaza kona na barabara zilizonyooka, pamoja na vigae 5 vya uwanja wa soko. Barabara ikiingia uwanjani inaishia hapo. Ya upande wa pili ni nyingine, na uwanja wenyewe hauna pointi.

Tulipocheza tena, barabara zilikatika vizuri, na pointi zikatofautiana. Mimi nilikuwa na barabara ya vigae 4, mbele yake pengo la kigae kimoja, ng'ambo barabara ya vigae 5 isiyo na kibanda cha mtu. Nikipata kigae kilichonyooka tu, nina 10. Zamu ikawa ya shangazi. Akaokota uwanja wa soko, akautazama, akanitazama mimi, akaubandika kwenye pengo.

"Pole, mwanangu," akasema. "Si uliuchora mwenyewe?"