Dhahabu ikivunja rekodi: kununua papo hapo au kungoja irudi

"Dhahabu ikipita bei yake ya juu kuliko zote, kule mbele hakuna tena kitu cha kuizuia. Nainunua pale pale, ao nangoja irudi? Na nitaona wapi kama imenidanganya?" Ni swali la kijana wa Kadutu, hapa Bukavu, anayefuata XAUUSD, yaani bei ya aunsi ya dhahabu kwa dola, kwenye simu yake.

Wanaosema nunua pale pale wana hoja yenye msingi. Bei ikiwa chini ya kilele cha zamani, juu yake kuna watu waliokwama. Agosti 2020 dhahabu ilifika karibu dola 2,075 kwa aunsi, kisha ikashuka. Walionunua siku zile walikaa na hasara kwa miaka, na kila bei iliporudi karibu na pale waliponunulia, wengi waliuza ili watoke na pesa yao. Ndivyo ilivyokuwa Machi 2022, bei ilipogusa 2,070 na kugeuka, na ikawa hivyo tena Mei 2023. Sehemu kubwa ya ukinzani ni hao watu. Bei ikiwapita wote na kukaa juu yao, hakuna tena mwenye dhahabu ya hasara, na muuzaji wa aina hiyo amekwisha.

Upande wa pili nao una lake. Mwenye faida pia huuza, na siku ya rekodi kila mwenye dhahabu ana faida. Tena eneo lisilo na ukinzani huwa halina tegemeo pia, jambo ambalo wengi hawalisemi. Hakuna aliyewahi kununua kule juu, kwa hiyo hakuna bei ambayo wanunuzi wamezoea kuisubiri. Bei ikigeuka, inaweza kushuka mpaka kwenye kilele cha zamani bila kushikwa na yeyote njiani.

Pande zote mbili zilionekana kwenye mstari uleule wa 2,075, ndani ya miezi mitatu. Ijumaa tarehe 1 Desemba 2023 dhahabu ilifunga wiki karibu na 2,072, huku soko likitarajia riba ya Marekani ishuke mwaka uliofuata. Jumapili usiku soko lilipofunguka, ambayo huku Bukavu ni saa saba usiku wa kuamkia Jumatatu, bei iliruka hadi karibu 2,135. Saa hizo London imelala na New York imefunga, waliopo sokoni ni wachache. Oda za Buy Stop, zinazonunua zenyewe bei ikipanda hadi pale zilipowekwa, zilikuwa zimepangwa juu ya 2,075 zikawaka, pamoja na Stop Loss, yaani vikomo vya hasara, za waliokuwa wameuza wakitegemea bei ishuke, na bei ikapaa kwa nguvu ya oda hizo zenyewe. Ulaya ilipoamka, wauzaji halisi walikuja. Siku hiyo ilifunga karibu 2,030.

Aliyeacha Buy Stop kwenye 2,080 alinunua akiwa usingizini, akawa na faida ya dola 50 hivi kwa aunsi bila kujua, na hadi usiku uliofuata alikuwa na hasara ya kiasi hicho hicho kama hakuweka kikomo. Aliyengoja mshumaa wa siku, ile alama ya chati inayoonyesha mwendo wa bei wa siku nzima, ufunge hakununua kitu.

Machi 2024 mambo yalikwenda vingine. Ijumaa tarehe 1 bei ilifunga karibu 2,083. Jumatatu tarehe 4 ikafunga karibu 2,114, na safari hii kupanda kulitokea saa za kazi za London na New York. Tarehe 8 ilikaribia 2,195. Ikapumzika zaidi ya wiki moja juu ya 2,140, kisha ikaendelea hadi karibu 2,430 tarehe 12 Aprili. Haikurudi kuugusa mstari wa 2,075.

Hapo ndipo ushauri unaopendwa kuliko wote, ule wa kungoja bei irudi kupima mstari uliovunjwa, unaponipa shida. Unaonekana wa mtu mtulivu, kwa sababu unanunua kwa bei ya chini na Stop Loss inakaa karibu. Lakini angalia ni zipi zinazorudi. Ya Machi 2024, iliyokuwa na nguvu, haikurudi. Ya 2020 ilirudi. Mwishoni mwa Julai mwaka ule dhahabu ilivuka 1,920, kilele cha Septemba 2011, ikakimbia hadi 2,075 tarehe 7 Agosti, na tarehe 11 ikaanguka zaidi ya dola 100 kwa siku moja hadi karibu 1,910. Mwenye Buy Limit, oda inayongoja bei ishuke ndipo inunue, kwenye 1,920 alihudumiwa. Siku chache baadaye bei ilipanda tena juu ya 2,000 naye akajiona ameshinda. Kufika Machi 2021 ilikuwa chini ya 1,700.

Ukingoja kurudi tu, basi, unashika kila uvunjaji unaofeli, kwa sababu wote hurudi, na unakosa baadhi ya ile mizuri kuliko yote. Sisemi kurudi hakufai kamwe. Uvunjaji mzuri nao mara nyingi hurudi kidogo na kushikiliwa. Ila kungoja huko si usalama wa bure kama kunavyofundishwa. Kununua papo hapo nako kunakubebesha usiku kama ule wa Desemba. Kati ya hizo mbili nachagua kungoja kufunga kwa siku, na si kufunga kokote.

Tarehe 27 Desemba 2023 dhahabu ilifunga karibu 2,077. Ilikuwa rekodi ya kufunga, lakini ilikuwa imeuvuka mstari kwa dola mbili tu. Mwanzoni mwa Januari ilikuwa chini ya 2,050. Wakati ule dhahabu ilikuwa ikitembea kama dola 20 kwa siku ya kawaida, na dola mbili ndani ya mwendo huo hazisemi chochote. Nataka kufunga kuwe juu ya mstari angalau kwa mwendo wa siku moja ya kawaida. Kwa kipimo hicho 2,077 haitoshi, 2,083 ya Ijumaa tarehe 1 Machi haitoshi, na 2,114 ya Jumatatu inatosha. Unalipa dola 30 au 40 zaidi ya yule wa Buy Stop. Ndiyo gharama ya kutoingizwa usiku wa Desemba.

Kuna atakayeuliza kuhusu 2,135, kwamba hicho ndicho kilele halisi na tarehe 4 Machi bei ilikuwa bado haijakivuka. Kwa hesabu ni kweli. Lakini rudi kwenye sababu ya ukinzani, yaani watu waliokwama. Mkia ule wa Desemba, yaani mruko uliopanda na kurudi ndani ya siku moja, uliishi saa chache za usiku, wengi walionunua mle walikuwa wametolewa na Stop Loss siku ileile, kwa hiyo wa kukwama miezi mitatu hawakuwa wengi. Pale 2,075 soko lilikuwa limegonga tangu 2020. Mstari nauchora pale watu wengi walipobaki na mali. Asiyekubaliana nami alingoja hadi tarehe 6 Machi, bei ilipofunga juu ya 2,140, naye hakukosea sana.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi wa huku wanapoumia hata wakiwa wameona vizuri. Tuseme umenunua 2,114 ile ya Machi 2024. Kushindwa kutaonekana siku ikifunga chini ya 2,075, lakini mshumaa wa dhahabu hufunga saa tano au saa sita usiku kwa saa zetu kulingana na msimu wa Marekani, na umeme au mtandao unaweza usiwepo. Kwa hiyo weka pia Stop Loss ya dharura, tuseme 2,055. Ikishawekwa inakaa kwenye seva ya broka, simu izimike isizimike. Kutoka 2,114 hadi 2,055 ni dola 59 kwa aunsi. Loti ndogo kabisa ya XAUUSD kwa broka wengi ni 0.01, nayo ni aunsi moja. Basi hasara yako ni dola 59, na bei ikiruka wakati wa habari kubwa inaweza kuzidi.

Mwenye akaunti ya dola 300 hapo amehatarisha karibu moja ya tano ya pesa yake kwa oda moja. Akitaka kuhatarisha asilimia 2, anahitaji karibu dola 3,000. Wengi hutatua kwa kusogeza Stop Loss karibu, dola 10 chini ya bei waliyoingilia, na dhahabu iliyokuwa ikitembea dola 20 kwa siku wakati ule ingewatoa kabla ya chakula cha mchana ingawa uvunjaji haujafeli. Afadhali akaunti ya senti, ambapo loti ileile huhesabiwa kwa senti na dola 59 zinakuwa senti 59. Kama broka wako hana, oda hii iache ipite.

Faida nayo haina bei ya kulengwa, kwa kuwa chati haina alama kule juu. Naifuata kwa kupandisha Stop Loss chini ya bei ya chini kabisa ya siku kumi zilizotangulia. Kwa safari ile ya 2024 ingekutoa katika nusu ya pili ya Aprili, juu ya 2,300.

Dalili za kufeli zina mpangilio wake. Ya mapema ni saa: rekodi ikivunjwa Asia peke yake, iwekee shaka mpaka London ithibitishe. Ya pili ni mkia mrefu juu ya mshumaa, bei ikiwa imefunga chini ya nusu ya mwendo wa siku. Hiyo peke yake bado hainitoi. Kinachonitoa ni kufunga chini ya mstari, kama 1,910 ile ya tarehe 11 Agosti 2020, na natoka hata kama najua kesho inaweza kupanda. Mwaka ule ilipanda kweli, hadi juu ya 2,000. Aliyetoka alionekana mjinga kwa wiki kadhaa, kisha bei ikarudi chini ya 1,920, na kufika Machi 2021 ilikuwa chini ya 1,700. Ikipanda tena juu ya mstari kwa kipimo kilekile cha kufunga, ni oda mpya yenye hesabu mpya.

Haya hayamhusu mwenye MetaTrader peke yake. Mnegosiani wa hapa Bukavu anayengoja mzigo wa Kamituga au Shabunda, akipanga bei asubuhi kwa kutazama 2,135 kwenye simu, ameingia kwenye uvunjaji huohuo bila Stop Loss. Aunsi ni gramu 31.1. Kutoka 2,135 hadi 2,030 ni zaidi ya dola 3 kwa gramu, na kwa nusu kilo ya dhahabu safi ni karibu dola 1,700, zimekwenda kabla mzigo haujauzwa. Kwake kipimo cha kufunga ni rahisi zaidi: asubuhi ya rekodi, bei ya kununulia ihesabiwe kwa kufunga kwa siku iliyopita, hata kama jirani yake anapandisha.