Fomu ya kuingia inapotaja jina lisilokuwepo: udhaifu au kelele?

Wapimaji wa usalama wa tovuti huvutana sana juu ya fomu inayomjibu mtu kwamba jina aliloandika halipo. Kuna wanaouita udhaifu kamili wa uthibitishaji. Wengine hucheka tu: jina la mtumiaji si siri, siri ni nywila. Nilikuwa katika kundi la wanaocheka, mpaka nilipoifanyia hesabu ndani ya maabara.

Chukua maabara ya bure ya PortSwigger, watengenezaji wa Burp, programu ya kupimia usalama wa tovuti, ambako kila unachokishambulia kimewekwa ili kishambuliwe. (Kwenye tovuti ya mtu mwingine, bila ruhusa yake ya maandishi, hatua hizihizi ni kosa la jinai katika nchi nyingi.) Tuseme una orodha ya majina 100 na nywila 100. Ukibahatisha vyote kwa pamoja, huenda ukahitaji majaribio 10,000. Fomu ikikuonyesha jina lililopo, unatafuta jina kwanza kwa majaribio 100, kisha nywila kwa mengine 100. Kazi imeshuka hadi 200, na Burp ya bure, ambayo Intruder yake, sehemu inayotuma maombi mengi mfululizo, imepunguzwa kasi makusudi, inaimudu.

Fungua kivinjari cha Burp, andika jina na nywila za uongo, kisha tafuta ombi la `POST /login` ndani ya HTTP history, orodha ya maombi yote yaliyopita. Lipeleke Intruder, chagua Sniper, aina ya shambulio linalobadilisha sehemu moja kwa wakati, na uweke alama kwenye jina peke yake:

```
username=§abc§&password=jaribu
```

Bandika orodha ya majina, anza, halafu panga matokeo kwa safu ya Length. Kwenye maabara ya kwanza majibu yote yana urefu mmoja isipokuwa moja, lililozidi kidogo. Lifungue: badala ya `Invalid username` limeandikwa `Incorrect password`. Jina limepatikana. Sasa liandike jina hilo mahali pake, hamishia alama kwenye nywila, ubandike orodha ya pili. Safari hii tazama namba ya hali: zote ni 200, moja ni 302, maana aliyefanikiwa huelekezwa kwenye ukurasa wa akaunti yake. Ingia kwa mkono kupitia kivinjari kabla hujasherehekea.

Hapo anayeudharau udhaifu huu atasema: basi weka ujumbe mmoja kwa wote, yaishe. Hapo ndipo maabara inapomsuta. Katika zoezi jingine ujumbe unaonekana uleule, `Invalid username or password.`, lakini kwa jina lililopo nukta ya mwisho haipo. Safu ya Length haikusaidii, kwa kuwa ukurasa una vipande vinavyobadilika kila ombi na urefu unayumba. Inabidi utumie Grep - Extract ya Intruder, uikamate sentensi ya kosa yenyewe, kisha upange kwa safu hiyo. Ni nukta moja tu, iliyosahaulika pale msanidi alipouandika ujumbe uleule mara mbili badala ya kuuita kutoka sehemu moja.

Hata nukta ikirudishwa, muda unaweza kusema. Programu nyingi hukokotoa hashi ya nywila, yaani alama inayohifadhiwa badala ya nywila yenyewe, pale tu jina linapopatikana, na hashi nzuri imetengenezwa iwe nzito kukokotoa. Kwa hiyo jina lililopo huchelewa kujibiwa. Hapa ndipo wanafunzi wengi hudanganyika: ombi moja lililochelewa huenda ni mtandao tu. Tuma maombi moja moja, si kwa mkupuo, na umrudie mshukiwa mara kumi kwenye Repeater, sehemu ya Burp ya kutuma tena ombi lilelile. Akichelewa kila mara ilhali wengine hawachelewi, una ushahidi.

Hata hivyo, wanaoupuuza wana hoja nzito. Ukurasa wa kujisajili lazima ukatae barua pepe iliyokwisha kutumika, au angalau utume ujumbe kwenye barua pepe hiyo badala ya kujibu papo hapo, jambo ambalo tovuti nyingi hazifanyi. Kuziba mlango huku dirisha li wazi ni kazi bure, na mtumiaji halali aliyekosea herufi moja ya jina lake atabaki akibadilisha nywila isiyo na tatizo. Dawa nyingine nazo zina madhara: kufunga akaunti baada ya makosa kadhaa humpa mshambuliaji njia ya kuwafungia nje wenye akaunti, na ikiwa akaunti zilizopo tu ndizo zinazofungwa, ujumbe wa kufungiwa nao unafichua jina.

Kwa hiyo katika ripoti siupi udhaifu huu daraja moja kila mahali. Kwenye jukwaa ambako majina yanaonekana kwa kila mtu, nauandika kuwa mdogo, na nguvu naielekeza kwenye kikomo cha majaribio na uthibitisho wa hatua mbili. Kwenye tovuti ya kliniki ya magonjwa ya zinaa naupandisha juu, hata kama nywila haivunjiki, kwa sababu kule kuwa na akaunti tu tayari ni siri ya mgonjwa.