Ndoo Sita za Kwanza Si Zangu

Shemeji yangu kanipigia hesabu ya hela zangu leo asubuhi, bila kuombwa. "Ndoo 14 za usipa mara 30,000, laki nne na ishirini! Shemeji umetoboa." Hapo hapo akaomba laki moja ya kukopa.

Mimi niliyekesha Ziwa Nyasa, nimelowa mpaka mawazo, nikamjibu kwa heshima: kaa kwanza. Boti ya kukodi 90,000. Petroli lita 30, kwa 3,000 ya madumu ya hapa Matema, 90,000 nyingine. Kwa hiyo ndoo sita za kwanza ni za mwenye boti na mwenye madumu. Mimi naanza kuvua kwenye ya saba.

"Basi toa hiyo 180,000, zinabaki 240,000."

Laiti! Ni ndoo nane tu zilizopata 30,000, alfajiri, gari la kwenda soko la Mwanjelwa, Mbeya, likinguruma. Ya tisa ndipo alipofika mama mmoja mnunuzi. "Ugonile, baba." Nikaitika. Akatumbukiza vidole kwenye ndoo kama anaonja joto la uji, akatoa usipa mmoja, akamminya. Tumbo likapasuka.

"Hawa wamelala."

"Mama, hata mimi ukiniminya hivyo nitapasuka."

"Jua limetoka, baba. Tena tazama kule."

Nikatazama. Boti nne zinaingia, zimelemewa mpaka maji yanakaribia ukingo. Nyuma yangu gari likaondoka. Yule mama hata hakugeuka, akatamka tu: "18,000."

Nikafikiria kuanika. Nikatazama mawingu ya Kyela, nikaacha kufikiria. Usipa ukinyeshewa kwenye chanja unabaki na harufu na madeni.

Haya, chukua. Kumbe bado kilemba! Ndoo ijae, halafu juu ijengwe kichuguu. Nikajenga. Akaitikisa, kichuguu kikazama. "Ongeza, baba." Nikaongeza. Akatikisa tena. Jamani, mara sita, ndoo sita! Mwisho akaniuliza kwa upole nimeanza lini uchoyo.

Nane kwa 30,000 ni 240,000. Sita kwa 18,000 ni 108,000. Jumla 348,000, toa 180,000, zinabaki 168,000.

Shemeji akakuna kichwa. "Si ungechukua tu wastani, 24,000 kila ndoo?"

Wastani! Hapo ninapata 336,000, na 12,000 yangu inapotea nikiwa nimekaa kwenye kiti. Ndoo nane na ndoo sita hazilingani, shemeji, huwezi kuzikata katikati kama andazi. Na zingeuzwa zote kwa 18,000, kumi zingeishia kwenye boti na petroli, nibakiwe na nne.

Tena tulikuwa wanne botini. 42,000 kila mtu, na yangu imeshaguswa: betri ya taa imekufa, na mwenye duka hakopeshi tangu msimu uliopita.

Shemeji akanyamaza kidogo. "Na usipa wa mboga hukubakiza?"

Nilibakiza, bakuli moja, juu ya kabati. Tukatazama wote wawili. Paka alikuwa anajiramba masharubu, na ndiye pekee humu ndani ambaye hajaniuliza bei.