Kulilia wageni si kudekezwa
Eti mtoto aliyekuwa akimchekea kila mtu, akianza kulilia wageni kwenye miezi 8, amedekezwa. Sikubaliani. Hata wa miezi 3 anamjua mama yake, ila bado ni vigumu kwake kushika sura kichwani na kuilinganisha na iliyo mbele yake. Uwezo huo hukua kati ya miezi 6 na 9, ndipo mgeni anapoonekana mgeni kweli. Mjukuu wangu alinyakuliwa mlangoni na shangazi yake, akaangua kilio. Jioni shangazi alikaa mkekani akipiga soga na mama mtu bila kumkodolea macho mtoto, naye akatambaa mwenyewe kwenda kushika bangili. Wa kwenu aliogopa wageni wote, au zaidi wanaume wenye ndevu?