Ripoti ya Mirembe haifungi mikono ya jaji

"Daktari kashasema mshtakiwa ni mgonjwa wa akili, kesi ya nini tena?"

Ndugu, kuugua pekee hakutoshi. Mahakama inauliza hali ya akili dakika ile ya tendo: je, ugonjwa ulimzuia kuelewa anachofanya, au kujua kuwa hapaswi kukifanya, au kujizuia asikifanye? Na daktari wa Isanga, kitengo cha washtakiwa pale hospitali ya akili ya Mirembe, humpima mtu baadaye, mara nyingi akiwa keshatulia.

Ndiyo maana jaji halazimiki kuikubali ripoti akiwa na sababu nzuri. Hutazama pia mwenendo: aliyeficha panga, akafua nguo na kukimbilia kijiji cha pili ana kazi ngumu. Aliyebaki ameketi kando ya maiti akiongea peke yake ni habari nyingine. Kuthibitisha ni juu ya mshtakiwa, ingawa kwa uzito wa uwezekano tu: inatosha ionekane kuna uwezekano zaidi kuwa hakuwa timamu kuliko kuwa alikuwa. Na akifaulu, harudi nyumbani siku hiyo; huwekwa chini ya uangalizi.