Tolueni ikitiwa naitro, otho ndiyo inayoongoza

Ijumaa iliyopita, kwenye baraza ya nyumba ya Ngamiani ninapofundishia vijana wa kidato cha sita kemia baada ya swala, binti mmoja alinyanyua daftari lake akaniambia: "Mwalimu, jibu ni para, kwa sababu otho pamebanana." Swali lilikuwa fupi: tolueni, yaani duara la benzeni lililobeba kundi la methili, ikichanganywa na asidi ya naitriki na asidi ya salfuriki, zao kuu ni lipi: naitro iliyokaa otho, jirani na methili, au iliyokaa para, mkabala nayo? Wenzake karibu wote walikuwa wameandika kama yeye, na mwongozo mmoja wa kusahihishia niliowahi kupewa nao ulisema vivyo hivyo. Kwa maoni yangu jibu hilo ni kosa, na linadumu kwa sababu tunafundisha nusu ya hoja na kuiacha nusu nyingine.

Nusu tunayoifundisha ni sahihi, nami siidharau. Asidi ya salfuriki huipokonya asidi ya naitriki maji na kuacha ioni ya naitroniamu, NO₂⁺, yenye uhaba mkubwa wa elektroni. Ioni hiyo huvamia duara la benzeni kwenye kaboni mojawapo, na kwa muda mfupi, kabla haidrojeni haijaondoka, duara zima hubeba chaji chanya. Chaji hiyo haikai mahali pamoja, wala haikai popote tu. Tuipe kaboni yenye kundi la methili namba 1, kisha tuhesabu kuzunguka. Naitroniamu ikishika kaboni ya 4, yaani para, chaji hugawanywa kati ya kaboni za 3, 5 na 1. Ikishika kaboni ya 2, yaani otho, chaji huenda kwenye 3, 5 na 1 vilevile. Lakini ikishika kaboni ya 3, yaani meta, chaji huangukia 2, 4 na 6, na kaboni ya 1 hairithi chochote.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Kundi la methili lina tabia ya kusukuma elektroni kuelekea kwenye duara, na kaboni inayolibeba huwa ndiyo iliyo tayari zaidi kuupokea mzigo wa chaji chanya. Uvamizi wa otho na wa para huufikisha mzigo kwenye kaboni hiyo hasa, kwa hiyo kizingiti cha nishati hushuka zaidi. Uvamizi wa meta huiruka. Mwanafunzi anayeweza kuchora maumbo hayo matatu kwa kila nafasi, kwa kalamu ya wino na bila kuchungulia, hana haja ya kukariri orodha ya vibadala, yaani makundi yanayobebwa na duara. Ataweza hata kuligeuza swali: kibadala kikiwa ni naitro, ambacho naitrojeni yake tayari ina chaji chanya, uvamizi wa otho au wa para utaweka chaji mbili chanya ubavu kwa ubavu, na hapo meta hubaki kuwa njia yenye shida ndogo kuliko nyingine.

Sasa nije kwenye nusu iliyoachwa. Baada ya kusema kwamba methili huelekeza otho na para, tunaharakisha kuongeza kwamba otho iko jirani na methili, pana msongamano, basi para hushinda. Hatusemi ni msongamano wa kiasi gani, wala hatukumbuki kuhesabu kwamba duara lina nafasi mbili za otho na moja tu ya para. Kama nafasi zote tatu zingekuwa na wepesi uleule, otho ingepata theluthi mbili na para theluthi moja. Ili para iongoze, inabidi nafasi yake moja iwe na wepesi unaozidi mara mbili ule wa nafasi moja ya otho, na jambo hilo hupimwa, halikisiwi.

Vipimo vipo. Wanakemia walilinganisha kila nafasi ya tolueni na nafasi moja ya benzeni tupu, wakipima kasi ya kutiwa naitro na kuihesabu ile ya nafasi ya benzeni kuwa 1, na namba zinazotajwa sana ni takriban 42 kwa kila nafasi ya otho, 2.5 kwa kila nafasi ya meta na 58 kwa para. Kwa hiyo msongamano upo kweli, kwa maana 42 ni ndogo kuliko 58, lakini ni msongamano mdogo. Nilimwomba yule binti aje ubaoni tukokotoe pamoja. Nafasi mbili za otho zina 84, mbili za meta zina 5, ya para ina 58, na jumla ni 147. Gawanya kila moja kwa jumla: otho inapata asilimia 57 hivi, para karibu 40, meta 3 na kidogo. Alisimama kimya na chaki mkononi, kisha akarudia kugawanya 84 kwa 147 akidhani amekosea.

Jumla hiyo hiyo ina jambo la pili ninalolipenda. Ukigawa 147 kwa nafasi 6 za benzeni, unapata karibu 25, maana yake tolueni hupokea naitro kwa kasi ya takriban mara 25 ya benzeni. Tena tazama meta: 2.5 si chini ya 1. Methili haiifukuzi naitro kutoka meta, kama wanafunzi wengi wanavyoandika. Huichangamsha hata nafasi hiyo, ila otho na para huchangamshwa zaidi mno. Namba hizi hupanda na kushuka kidogo kulingana na kimiminika kinachotumika na joto, lakini katika mchanganyiko wa kawaida wa asidi hizo mbili otho huendelea kuongoza, mara nyingi ikikaribia asilimia 60.

Nadhani najua imani ya para ilikotoka. Para-naitrotolueni huyeyuka kwenye nyuzi 52 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hata katika joto la Tanga la mwezi wa pili inabaki fuwele za manjano hafifu unazoweza kuziona kwa macho. Otho huganda chini ya sifuri, hivyo kwetu ni mafuta siku zote. Anayepoza mchanganyiko na kuchuja anashika para mkononi, na kilichoshikika ndicho kinachohesabiwa kuwa zao, ilhali sehemu kubwa imepita kwenye karatasi ya kuchujia.

Hoja ya msongamano ina mahali pake pa haki. Ukiondoa methili na kuweka kundi la butili la tatu, lenye methili tatu zilizoshikana kwenye kaboni moja, otho inafungwa kwelikweli, na para huchukua takriban robo tatu ya mazao yote. Hapo sentensi ya binti yule, "otho pamebanana," ingestahili alama zote. Kwa tolueni, mimi hutoa alama kamili kwa anayeandika otho na para kuwa mazao makuu mawili huku otho ikitangulia, na simpi alama hizo anayeitaja para peke yake, hata kama ameichora vizuri.