Mlango Si Pampu

"Mwalimu, kama glukosi haipiti kwenye utando wa seli bila protini, mbona tunaambiwa ni difyusheni?"

Wanaojibu kwenye mtihani kwamba ni usafirishaji amilifu, yaani kusukumwa kwa nishati ya seli, wanakosa, ila wana sababu yao, tena nzuri. Oksijeni hupenya moja kwa moja kwenye mafuta ya utando wa seli. Glukosi hupatana na maji, mafuta huikataa, kwa hiyo hupokewa na protini iitwayo GLUT1, ambayo hubadili umbo na kuiachia upande wa pili. Ukiongeza oksijeni, kasi huzidi kupanda. Ukiongeza glukosi, kasi hupanda kisha hutulia, maana protini zote zimeshapata kazi. Pampu za usafirishaji amilifu nazo hutulia vivyo hivyo, na anayetazama grafu ya kasi peke yake ataziweka kapu moja na GLUT1.

Lakini grafu hiyo inatuonyesha njia tu. Haisemi nani anayesukuma. Tazama chembe nyekundu ya damu. Nje yake, kwenye plazma, kuna glukosi kama milimoli 5 kwa lita. Ndani ni pungufu, kwa kuwa inayoingia hufungwa fosfati na kuanza kutumika. Inateremka yenyewe, kutoka penye nyingi kwenda penye chache. Tena mlango huu hauna upande: ziweke chembe zenye glukosi ndani ya maji ya chumvi yasiyo na sukari, glukosi itatoka kwa GLUT1 ileile, hadi pande mbili zilingane. Hiyo ni difyusheni ya kusaidiwa, haijagharimu hata ATP moja, molekuli inayobeba nishati ya seli.

Hapo wengi hukimbilia kanuni nyingine: palipovunjwa ATP ndipo pana usafirishaji amilifu. Nayo inateleza, utumboni hasa. Chakula kikikaribia kwisha, glukosi iliyobaki utumboni huweza kuwa chache kuliko iliyomo ndani ya seli, na bado huingia kupitia protini nyingine, SGLT1, ikipanda mlima. SGLT1 haivunji ATP. Huiruhusu sodiamu iteremke, ioni mbili kwa kila glukosi, na glukosi hupanda kwa nguvu ya mteremko huo. Gharama imelipwa upande wa pili wa seli, ambako pampu hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 kwa kila ATP. Kisha glukosi hiyohiyo hutoka kuelekea damuni kwa protini ya GLUT2, ikiteremka, bila gharama.

Kuna sumu inayoyatenganisha haya vizuri kuliko ufafanuzi wowote: uabaini, inayopatikana kwenye miti ambayo wawindaji wa Kenya walichemshia sumu ya mishale. Huizuia pampu ya sodiamu. Utumboni sodiamu hujaa ndani ya seli, mteremko hupotea, na SGLT1 haiwezi tena kupandisha glukosi. Kwenye chembe nyekundu pampu nayo husimama, ila glukosi huendelea kuingia kwa GLUT1.